Picha ya paka imejaa madoa: nitapataje mistari safi ya kupaka rangi?

Swali: Nina picha ya paka mweusi amelala kwenye kiti cha bluu iliyoiva. Nataka watoto wa chekechea waipake rangi. Nimetumia kichujio cha kutafuta kingo kwenye GIMP, nimepata madoadoa, vivuli vya kijivu na mistari iliyokatika. Nikizidisha ukali, madoa yanaongezeka. Nakosea wapi?

Jibu: Mwalimu, vipimo vyako havina tatizo. Kichujio hicho hakijui paka ni nini. Kinalinganisha mwanga wa vitone vilivyo jirani, na palipo na tofauti kinaweka mstari. Ndiyo maana mng'ao wa mgongoni umepata mstari ingawa hakuna kitu kinachoishia pale, na mkia mweusi uliolala juu ya kitambaa cha kiti cha bluu iliyoiva haukupata chochote. Ukizidisha ukali, manyoya yatatokea mengi kabla mkia haujaonekana. Kwa picha kama hii, chora mwenyewe juu yake. Mimi natumia Inkscape, programu ya kuchora ambayo ni ya bure.

Anza kwa kuweka ukurasa wa A4, kisha uiingize picha na kuipanua mpaka iujaze. Fanya hivi kabla ya kuchora, kwa sababu ukibadilisha ukubwa baadaye, unene wa mistari unaweza kubadilika nao. Punguza ukolezi wa tabaka la picha hadi asilimia 40 hivi, lifunge kwa kufuli, halafu fungua tabaka jipya juu yake.

Sasa lililo kubwa: usichore mistari, chora maumbo. Kila sehemu ya paka iwe umbo lililofungwa, lenye mjazo mweupe na mstari mweusi wa kuzunguka. Chukua kalamu (kitufe `B`), bofya kufuata mpaka wa mwili, na umalizie kwa kubofya nukta ya kwanza ili umbo lijifunge. Kwenye `Fill and Stroke` weka mjazo mweupe, mstari wa milimita 2, na kona za mviringo.

Kwa paka wako ningeanza na vilivyo nyuma: kiti, kisha mkia, mwili, miguu ya mbele, masikio, na mwisho kichwa. Sikio lichore refu kuliko linavyoonekana, shina lake lipite chini ya kichwa. Kichwa kikija juu, weupe wake unaficha shina hilo, na mistari inakutana bila pengo. Huna haja ya kulenga nukta mbili zigusane, na hapo ndipo wengi hupoteza muda. Umbo likikaa mahali pasipo pake, lipandishe au ulishushe kwa `PgUp` na `PgDn`.

Weusi wa paka uache kabisa. Huyo ni mweupe hadi mtoto aamue. Manyoya yatoshe kwa ncha mbili tatu shavuni. Sharubu na mstari wa mdomo vinaweza kubaki wazi, maana havigawanyi eneo, lakini visiishie karibu sana na mstari mwingine: viungane kweli au viachane waziwazi. Angalia pia nafasi finyu. Nusu ya unene wa mstari huingia ndani ya umbo, hivyo mguu wenye upana wa milimita 4 unabaki na milimita 2 tu za kupaka. Kwa umri huo, mimi hufuta au hupanua chochote kinachobakiza chini ya milimita 5. Kucha za paka ziondoke zote.

Kabla ya kutoa faili, weka mstatili mweupe nyuma ya kila kitu, kwa sababu PNG ya Inkscape hutoka na usuli unaopitisha mwanga. Ficha tabaka la picha, kisha toa ukurasa mzima kwa 300 dpi. A4 itakuwa na vitone 2480 kwa 3508, na mstari wako utakuwa na unene wa vitone 24 hivi.

Ifungue faili kwenye GIMP, pitisha `Colors > Threshold` ili kijivu chembamba cha pembeni mwa mistari kiishe, halafu mwaga rangi nyekundu kwa ndoo kwenye usuli. Nyekundu ikiingia kwenye kiti au kwenye paka, kuna pengo kwenye mstari. Kwa mbinu hii ya maumbo, mara nyingi utakuta umbo moja la juu halikupewa mstari, na weupe wake umefuta kipande cha mstari wa chini yake. Rudi Inkscape, libofye, lipe mstari, kisha urudie jaribio kwa kumwaga rangi ndani ya kila sehemu.