Sakafu ya 2x6 kudunda

"Fundi kasema 2x6 za paini hazivunjiki, mbona sakafu ya juu inadunda mtu akipita? Nafasi ya ukuta kwa ukuta mita 3.6, boriti kila sentimita 40. Niko Mikindani."

Fundi yuko nusu sawa ndugu yangu, kuvunjika haitavunjika na nguvu ya kuikata boriti pale ukutani ni ndogo sana, tatizo ni kupinda, nikipiga hesabu kwa mzigo wa kilo 200 kila mita mraba napata inapinda kama milimita 15 na mwisho unaokubalika ni 10. 2x8 inashuka hadi 6 au 7, ugumu unazidi mara mbili kwa inchi mbili tu za kina! Kama huwezi kubomoa, gongelea vipande vya mbao katikati ya boriti na boriti vikibana kabisa, hatua ya mtu mmoja inagawana kwa boriti kadhaa, mtikisiko unapungua japo kupinda kunabaki. Mbao zilikuwa kavu lakini?