Kununua au kuendelea kupanga?

“Nyumba ninayopanga Mbezi kwa 600,000 kwa mwezi inauzwa milioni 120, na fedha ninazo. Ninunue?”

Ndugu, kodi utakayookoa ni milioni 7.2 kwa mwaka, lakini ukitoa ukarabati na kodi ya jengo, tuseme milioni 1.2, inabaki milioni 6. Iwapo fedha zako zingeweza kuzaa asilimia 12 kwingineko, milioni 6 za kila mwaka kwa miaka 10, kodi isipopanda, thamani yake leo ni takriban milioni 33.9 tu, wala si 60. Milioni 86.1 zilizobaki lazima zirudi utakapouza, na kwa riba hiyohiyo zitakuwa zimefika milioni 267. Hapo ndipo penye kazi: bei ipande zaidi ya asilimia 8 kila mwaka, mfululizo, kabla ya gharama za uhamisho wa hati. Mimi ningepanga.