Usisome vyeti vya daktari chini ya mwembe

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja, mtendaji mpya wa kijiji huko upande wa Mkuranga. Kaniandikia: "Shangazi, shikamoo. Wiki ijayo tunaletewa daktari wa afya ya jamii, atazungumza na wananchi pale zahanati kuhusu kingatiba ya matende na mabusha. Mimi ndiye nitakayemtambulisha. Nimeomba wasifu wake, nimetumiwa kurasa mbili. Nisome zote au nifupishe?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza mkubwa wangu mmoja miaka kadhaa iliyopita, naye akanijibu, "Soma zote, watu waone wameletewa mtu mzito." Nikasoma zote. Mpaka leo kuna mlango mmoja kijijini kwetu nikipita haunijibu hodi.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijiji cha Wazaramo, korosho na minazi. Siku ile watu walikuwa wamejaa chini ya mwembe wa zahanati, wanawake mkekani, wazee kwenye mabenchi ya shule. Gari jeupe limeegeshwa pale pale mbele ya macho yao. Nikasimama na karatasi yangu: shahada ya kwanza, shahada ya uzamili, mafunzo ng'ambo, miradi aliyosimamia. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, siwafichi, na sauti nilikuwa naitoa tumboni. Nilipofika kwenye neno "utafiti", mzee mmoja akanyoosha mkono. "Bibie, samahani. Huyo bwana katafiti wapi, na safari hii anamtafiti nani?"

Kicheko kikapita, lakini si cha furaha. Pwani yetu ina kumbukumbu zake. Vimelea vya ugonjwa huu huzunguka kwenye damu ya mtu usiku, ndiyo maana zamani timu za kupima zilikuwa zinakuja saa nne, saa tano za usiku, na taa na vioo, kutoboa watu vidole. Sasa mtu aliyelelewa na hadithi za mumiani, gari geni usiku na watu wanaotaka damu, unadhani alielewa nini? Mimi niliyakulia hayo, nikayasahau kwa sababu ya karatasi mbili.

Kosa la pili ndilo lililoniumiza zaidi. Nikitaka kuokoa hali, nikasema, "Jamani, daktari amekuja kutuondolea mabusha, na vidonge vyake havina madhara yoyote." Nani alinituma? Vile vidonge, ivamektini na albendazo, vinaua vimelea vichanga vilivyomo kwenye damu ili mbu asivipeleke kwa mwingine. Busha lililokwisha kujaa maji halinywei kwa kidonge, linahitaji operesheni. Na mwenye vimelea vingi akimeza, anaweza kupata homa, kichwa, kuwashwa mwili siku moja mbili, kwa kuwa vimelea vinakufa ndani yake. Daktari alilieleza hilo vizuri sana baada yangu, lakini watu walikuwa wameshachukua la kwangu. Kesho yake asubuhi nyumba tatu zilikuwa na wagonjwa wa homa, na jina lililotajwa halikuwa la daktari. Daktari alishaondoka na gari lake. Lilitajwa langu.

Mwaka uliofuata watu walifunga milango wakituona na ile fimbo ya kupimia urefu. Yule mzee aliyeuliza swali, ambaye ana busha na kila mtu anajua, alimeza siku ile kwa ajili ya neno langu, akangoja miezi, hakuona kitu. Tangu hapo salamu yangu haitikii.

Nimeyarefusha haya kwa makusudi, kwa sababu humo ndimo somo lilimo. Anayetambulisha ana mali moja tu: wanakijiji wanamjua yeye. Hiyo ndiyo anayomkopesha mgeni kwa dakika tatu. Dhamini mtu, usidhamini dawa. Ukisema "huyu hatawadanganya", hilo unaweza kulilipa. Ukisema "dawa haina shida", umeweka rehani kitu kisichokuwa chako.

Sasa niwape ya mwezi uliopita, maana nayo nina haki ya kujivunia kidogo.

Tulipoambiwa anakuja daktari mwingine, nilimpigia simu kabla. Sikumwomba wasifu. Nilimuuliza mambo manne tu: kwenu ni wapi, siku hiyo utachukua nini kutoka kwa watu, damu, picha, majina au sahihi, ni kitu gani kibaya kinachoweza kumpata mtu akikusikiliza, na ukishaondoka, mwenye tatizo amfuate nani. La tatu lilimfanya anyamaze kidogo. Daktari anayejibu hilo bila kuzungukazunguka, mpe mkutano. Akikujibu "hakuna", mpigie tena kesho.

La kwanza likanipa zawadi ambayo sikuitarajia: kwao Tabora, Mnyamwezi. Nikapiga vigelegele jikoni kwangu peke yangu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka na pembe hadi Bagamoyo. Mtani anaweza kukutukana msibani na bado ukamgawia chakula. Mgeni wa aina hiyo anafika akiwa ameshafika.

Lakini hapa niwape tahadhari. Mwenzangu wa kijiji jirani alisikia habari hii, naye akamtambulisha daktari wake kuwa ni Mnyamwezi ili apate mteremko. Kumbe Mhaya. Bibi mmoja akamtania, daktari wa watu akakasirika kweli, mkutano ukageuka kikao cha usuluhishi. Kama hakuna utani, usiubuni. Sema tu kwao ni wapi na usiku huu kalala kwa nani. Hilo la kulala lina nguvu kuliko mnavyodhani. Wetu alifika jioni ya siku moja kabla, gari likabaki kwa mtendaji, akatembea kwa miguu hadi barazani, akanywa kahawa na wazee baada ya sala ya alasiri. Mwenyewe hakuanzisha habari ya dawa. Asubuhi, nusu ya wazee walikuwa wanamjua kwa sura, na wale walioketi naye ndio waliowaambia wengine.

Pia nilimtafuta mtu wa kusimama nami. Si diwani, Mungu anisamehe. Diwani akisimama watu wanahesabu miezi hadi uchaguzi. Nilimfuata mkwezi wetu wa minazi. Huyu aliacha kukwea miaka miwili kwa sababu ya busha, akafanyiwa operesheni hospitali, na sasa yupo juu ya minazi kila siku, kijiji kizima kinamwona. Kwetu wapo wanaoamini hadi leo kwamba mabusha yanaletwa na madafu. Fikiria basi uzito wa mkwezi kusimama hapo. Nilimwendea kwake, faragha, mara mbili, nikamwambia akikataa hakuna neno. Mambo haya humtaji mtu hadharani bila ridhaa yake, hata kama siri yenyewe inajulikana na kuku.

Siku yenyewe nilisimama bila karatasi. Maneno yangu yalikuwa haya, nayakumbuka karibu yote:

"Assalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo habari za asubuhi. Wazee shikamooni. Huyu mnayemwona ni mtani wetu, katoka Tabora, jana kalala kwa mtendaji na kahawa yetu kainywa bila kulipa. Ni daktari, kazi yake si kukaa hospitali kungoja wagonjwa, ni kuzuia ugonjwa usifike kwenye nyumba. Leo hachukui damu ya mtu. Hapigi picha. Haandiki jina la mtu. Amekuja kueleza dawa ya matende na mabusha itakayogawiwa wiki ijayo, na atawaambia nani asiinywe. Atawaambia pia inavyoweza kumsumbua mtu. Mimi mwaka ule niliwaambia haisumbui, na niliwaambia itaondoa mabusha. Nilisema uongo kwa kutojua, naomba radhi mbele yenu. Msikilizeni yeye, mbaneni kwa maswali. Akishaondoka, mwenye tatizo aje kwangu, usiku au mchana, nitampeleka zahanati."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuomba radhi mbele ya mabenchi yale, na yule mzee ameegemea mti kule nyuma, magoti yalinitetemeka.

Nikamwita mkwezi. Karibu niharibu tena, maana ulimi ulishaanza, "na huyu ndiye daktari aliye..." Mkwezi akanikata palepale: "Hapana shangazi, huyu hakunipasua, alinipasua mwingine. Huyu jana nimemuuliza kama vidonge vingenipunguzia, kasema visingenipunguzia. Basi nikaona huyu anasema kweli. Na madafu nakwea mimi, nakunywa mimi." Akakaa. Hakuna msemaji wa kulipwa ambaye angeweza kusema hivyo.

Dakika tatu, labda nne. Daktari aliposimama, bibi mmoja akamrukia: "Mtani, wewe Mnyamwezi tangu lini umejua kusoma?" Akajibu, "Tangu mlipotuibia mizigo ikabidi tujifunze kuhesabu." Watu wakaangua kicheko, na swali la kwanza la kweli likaja kabla hajaanza kueleza dawa: mbona jirani anapewa vidonge vinne na mimi vitatu? Akasimamisha vijana wawili, akaonyesha kwa fimbo kwamba ivamektini inafuata urefu wa mtu, na kwamba mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito.

Kwa hiyo, mwanangu mtendaji, zile kurasa mbili ziweke kwenye faili. Muulize mambo manne. Mlaze kijijini. Usidhamini dawa, narudia, usidhamini dawa, na neno "kutibu" uliogope pale ambapo kazi ni kukinga. Usitanie ugonjwa wenyewe hata kama watu wanacheka, maana mwenye nao yupo hapo amekaa upande upande. Ninyi vijana wa sasa mnapenda kipaza sauti kuliko watu. Ukishamaliza, usirudi meza kuu na maji ya chupa, kaa mkekani na wananchi wako, usikie wanachonong'ona daktari akiongea. Mimi nilisikia mengi mkekani siku ile, mengine ya kunihusu.

Yule mzee hakukaa. Alisimama pale mtini mpaka maswali yalipokwisha, akachukua bakora yake. Alipopita karibu yangu nikasema shikamoo. Hakuitikia, ila alisimama kidogo, akauliza hospitali wanapasua siku gani. Nikamwambia nitauliza, nitakuja kumwambia kwake. Kesho naenda.