Mbawa ya kushoto imepungua, au picha inanidanganya?

Swali: Kocha, nimelinganisha picha yangu ya mgongo ya wiki ya kwanza na ya wiki ya 12, pozi ni ile ya kufungua mbawa, ile misuli mipana ya pembeni mwa mgongo. Naona mbawa ya kushoto imekuwa ndogo kuliko ya kulia ila mgongo wote umejichora zaidi. Niongeze seti za kushoto?

Jibu: Usiongeze kitu kwanza mdogo wangu. Hizo picha mbili nimezikagua na kwa kweli hazilingani, ni kama umepima uzito kwenye mizani mbili tofauti.

Tuanze na mwili kugeuka maana hapo ndipo wengi wanaliwa. Nilifungua kila picha nikapima kwa pikseli kutoka mstari wa uti wa mgongo mpaka ukingo wa mbawa, kushoto na kulia, halafu nikashuka nikapima hivyo hivyo kiunoni juu kidogo ya bukta. Wiki ya kwanza mbawa ni 155 kushoto na 158 kulia, kiuno 99 na 101, yaani karibu sawa. Wiki ya 12 mbawa ni 148 kwa 171, hapo ndipo umeshtuka, lakini angalia kiuno: 92 kwa 107. Kushoto ni kama asilimia 87 ya kulia juu, na chini 86. Sasa pale kiunoni ukingo hautengenezwi na mbawa, kwa hiyo kama kiuno nacho "kimepungua" kwa karibu kiasi kilekile basi hujapoteza nyama, umegeuka tu. Ubavu wako wa kulia umesogea nyuma kuelekea kamera, uti wa mgongo ukahamia kushoto kwenye picha, upande wa kushoto ukabanwa. Kama kiuno kingekuwa sawa halafu mbawa peke yake ndiyo inapishana ningekuwa na wasiwasi kidogo, ingawa hata hapo mtu anaweza kuwa amekaza nyonga vizuri ila mabega ndiyo yamejisokota.

Taa nayo. Picha ya kwanza mwanga unatoka nyuma ya kamera, unapiga mgongo flati kabisa, hakuna kivuli hata kimoja. Ya pili taa iko juu na upande wa kulia, ndo maana kila msuli una kivuli chini yake na unaonekana umejichora, na upande wa kushoto umezama gizani mpaka ukingo wake umechanganyika na ukuta. Kwa hiyo hata huko kujichora kunakokufurahisha siwezi kukupa maksi zote (samahani). Ukitaka kuhakikisha, piga picha mbili siku hiyohiyo, taa kulia halafu taa kushoto, mbawa "ndogo" ikihama upande basi ilikuwa taa.

Sasa piga upya hivi. Bandika alama za selotepu sakafuni za visigino vyote viwili na nyingine ya stendi ya simu, umbali wa mita 3, lenzi iwe usawa wa katikati ya mgongo. Tumia kamera ya nyuma na taima, sio ya mbele, maana simu nyingine kamera ya mbele inageuza kushoto kuwa kulia na ukichanganya hizo mbili utafundisha mkono usio wenyewe. Pazia funga, taa ibaki ileile mahali palepale, na kwenye aifoni gusa skrini ukandamize mpaka itokee AE/AF LOCK ili simu isijiamulie mwangaza. Piga asubuhi kabla hujala na kabla ya mazoezi, mwili wenye pampu usiulinganishe na uliolala.

Halafu hili watu hawalifanyi kabisa: piga tatu, kila moja ukitoka kwenye alama, unatembea kidogo, unarudi unapozi upya. Zipime zote. Tuseme hizo tatu za siku moja kushoto inacheza kati ya asilimia 95 na 99 ya kulia, basi hiyo ndiyo kosa lako la kawaida la pozi, na mwezi ujao ukipata 96 hakuna kilichobadilika, usinitumie meseji saa sita usiku. Ila ikishuka mpaka 90 kwenye zote tatu, na kiuno kiko sawa, hapo kuna kitu.

Na hata ikitokea hivyo, kathibitishe kwenye chuma. Vuta dambeli kwa mkono mmoja, uzito uleule, hesabu marudio safi kila upande. Kushoto akikata mbili tatu mapema, anza naye yeye kila seti na kulia asimzidi idadi. Lakini kama mstari wa uti wenyewe umepinda kwenye picha zote, hata ukisimama bila kupozi, hilo sio la seti tena, muone fiziotherapisti akuangalie.

Za wiki ya kwanza ziache, huwezi kuzirekebisha. Tarehe yako ya kuanzia kulinganisha ni siku utakayobandika selotepu.