Shujaa aitwe nani kabla mchezaji hajambadili jina

Shujaa wa mchezo wangu wa kwanza wa maandishi, yaani hadithi inayosomwa na kuchezwa kwenye kompyuta, aliitwa Bahati. Nililipenda jina hilo kwa sababu halisemi kama mwenye nalo ni mwanamume au mwanamke, nami nilitaka kila anayecheza ajione ndani yake. Mwanzoni halikuwa jina la kubadilishwa. Nililiandika moja kwa moja katika kila ukurasa. Mchezo ulipokaribia kukamilika ndipo nikaamua kumruhusu mchezaji ampe shujaa jina alitakalo. Nikaiamuru programu ya kuandikia itafute kila "Bahati" na iweke mahali pake kigeu, yaani ile nafasi ambayo kompyuta huijaza jina lililochaguliwa. Sikujali herufi kubwa wala ndogo.

Rafiki wa kwanza kuujaribu alichagua jina Sakina. Alipofika kwenye daraja akasoma: "Kwa Sakina mbaya, kamba imeoza." Mbele kidogo mvuvi akamwambia, "Leo huna Sakina, samaki wamelala." Nilitumia siku nzima kupita ukurasa kwa ukurasa nikirudisha neno la kawaida mahali pake, na hata baada ya hapo wachezaji waliendelea kuniletea sentensi nilizozikosa. Kutafuta neno kwa herufi kubwa pekee kusingeniokoa, maana "Bahati yako imekwisha" huanza kwa herufi kubwa pia. Kilichotofautisha ni upatanisho tu: Bahati amekwisha ni mtu, bahati imekwisha ni ile nyingine. Programu ya kutafuta na kubadilisha maneno haijui upatanisho.

Hapo ndipo nilipoiona shida ambayo anayeandika mchezo wa Kiswahili hawezi kuikwepa. Ukitaka jina la kuanzia lisilofunga jinsia, majina yanayokujia kichwani karibu yote ni maneno ya kawaida: Bahati, Baraka, Zawadi, Tumaini, Imani, Amani, Nuru. Yale yasiyo maneno ya kila siku, kama Sakina, Hamisi au Mwanaidi, humtambulisha mtu mara moja kuwa wa kike au wa kiume. Unachopata upande mmoja unakipoteza upande wa pili.

Sikubali kwamba suluhisho ni kumwita shujaa "Mchezaji" au "Shujaa". Wengi wa walionijaribia mchezo hawakuandika jina lolote. Walibonyeza Enter wakasonga mbele. Hao ndio watakaoishi na jina ulilowapa mpaka mwisho. Bibi wa hadithi akimkumbatia mjukuu aliyepotea na kumwambia, "Shujaa, nilidhani umekufa," machozi yanakauka papo hapo. Jina la kuanzia ni lazima liwe jina ambalo mama angeweza kumwita mwanawe.

Basi nifanyavyo sasa ni kuchagua jina baada ya rasimu, si kabla. Ninaandika rasimu nzima nikitumia kigeu tangu sentensi ya kwanza, kisha ninachukua majina matano au sita ninayoyapenda na kulitafuta kila moja katika maandishi kama neno la kawaida. Katika mchezo uliofuata, uliohusu mnara wa taa, "nuru" lilijaa kila pembe, kwa hiyo Nuru likatoka. "Amani" lilikuwa katika salamu za wanakijiji na "zawadi" lilikuwa kitu ambacho mchezaji alipaswa kukibeba. "Faraja" lilitokea mara mbili tu. Nikaandika upya sentensi hizo mbili, "kupata faraja" ikawa "kutulia moyo", na shujaa wangu akawa Faraja. Linawafaa wanawake na wanaume, lina upole niliouhitaji, na halikutani na neno lolote katika hadithi.

Neno la kitu cha kubebwa linastahili tahadhari ya pekee kama mchezo wako ni wa kuandika amri. Mchezaji akiandika `chukua zawadi` na shujaa anaitwa Zawadi, kompyuta ina vitu viwili vyenye neno moja. Itauliza unamaanisha ipi, au mbaya zaidi, itachagua yenyewe na kumjibu mchezaji kwamba hawezi kujichukua. Na kwa kuwa mchezaji anaweza kujipa jina lolote, hata "Taa" au "Ufunguo", usimfanye shujaa atambulike katika amri kwa jina lake. Neno `mimi` linatosha: `chunguza mimi` hufanya kazi vilevile awe anaitwa nani.

Msimulizi husaidia pia. Mchezo wa Adventure alioutunga Will Crowther mwaka 1976 na Don Woods akaupanua mwaka 1977 haukumpa shujaa jina kabisa. Ulimwambia mchezaji "wewe" na ukamwacha aingie pangoni. Mimi hufuata njia hiyo katika masimulizi, "Unainama, unapita chini ya mwamba," na jina huliweka katika vinywa vya wahusika wengine peke yao. Likitajwa na watu tu, linatajwa mara chache, na kila mara lina uzito.

Ila katika vinywa vya watu ndimo jinsia inamorudi kwa mlango wa nyuma. Tunajivunia kwamba "a-" na "yeye" havibagui, tukasahau namna watu wanavyoitana. Katika ule mchezo wa mnara, nilipokuwa bado namfikiria shujaa kama msichana, mlinzi alimwita "binti", mchuuzi alimwita "dada", na jirani mmoja alimsikitikia kwamba "bado hajaolewa". Mjaribu mmoja akajiita Hamisi, akapokelewa na "Karibu, dada Hamisi." Akaendelea kwa subira mpaka kwenye sentensi ya kuolewa, akafunga mchezo.

Sikutaka kumuuliza mchezaji jinsia yake ili nirekebishe maneno machache. Nilibadili uhusiano badala yake. Mlinzi mzee sasa anasema "mjukuu wangu", mchuuzi anasema "mgeni wangu", baharia aliyesafiri naye anasema "ndugu yangu" au "mwenzangu", na mama wa kambo anasema "mwanangu". Jirani anasikitika kwamba shujaa "bado hajafunga ndoa". Kitu nisichokitarajia ni kwamba mazungumzo yalipata joto zaidi. "Dada" lilikuwa neno la kumwita mtu yeyote apitaye, lakini "mjukuu wangu" lilinilazimisha kuamua kwa nini mzee huyu anamjali shujaa. Ili kukagua, tafuta katika faili: dada, kaka, binti, bwana, bibi, kijana, oa, olewa, mume, mke. Jibu la kila utafutaji lisome mwenyewe kwa macho, kwa maana baadhi yatakuwa yanamhusu mhusika mwingine na hayana kosa.

Swali la jina lenyewe ni jepesi, ila lina mitego michache. Ninaonyesha jina la kuanzia ndani ya swali, ili mchezaji ajue atapata nini akibonyeza Enter. Hapa nimeandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu:

```python
jina = input("Unaitwa nani? [Faraja] ")
jina = " ".join(jina.split())[:20].rstrip()
if not jina:
    jina = "Faraja"
```

Mstari wa pili unaondoa nafasi tupu za mwanzo, mwisho na zile zilizorudiwa katikati. Bila huo, mtu akigonga kitufe cha nafasi kabla ya Enter atakuwa na jina lisiloonekana, na mzee atamwambia, "Karibu,  ." Kikomo cha herufi 20 ni cha kulinda mpangilio wa skrini tu. Kuna michezo iliyobana zaidi: katika Chrono Trigger ya mwaka 1995, jina halikuweza kuzidi herufi tano, na ndiyo maana shujaa anaandikwa Crono bila "h". Mchezo wa maandishi hauna sababu ya kubana hivyo.

Usijaribu kumsahihishia mtu herufi kubwa. Nilijaribu, nikaumiza majina ya watu. Katika Python, `title()`, inayokuza herufi ya kwanza ya kila neno, huiona alama ya ng' kama mwisho wa neno, hivyo Wang'ombe anageuka "Wang'Ombe". Nayo `capitalize()` humfanya Mwana Aisha kuwa "Mwana aisha". Vilevile usikatae kila kisicho herufi, maana utakuwa umemwambia mwenye ng' katika jina lake kwamba jina lake ni kosa. Mtu ameandika jina kama alivyotaka lisomeke, liache.

Kuhusu wakati wa kuuliza, nimehama kabisa kutoka skrini ya kwanza. Hapo mchezaji hajui bado kama anaingia katika kicheko au msiba, na jina la utani alilolitupia haraka litamharibia tukio zito baadaye. Siku hizi nasubiri mpaka mtu ndani ya hadithi awe na sababu ya kuuliza. Katika mnara, mlinzi anasikia hodi usiku na anauliza kupitia mlango uliofungwa, "Nani huyo?" Mchezaji ameshatembea kurasa tatu kwenye mvua, anajibu kama mtu aliyeko pale. Nimeweka pia amri ya `jina` inayokubalika wakati wowote, kwa ajili ya aliyekosea herufi au aliyebadili mawazo. Kama umetumia kigeu kila mahali, amri hiyo haikugharimu kitu.

Limebaki jambo la jina kugongana na la mhusika mwingine. Mlinzi wangu anaitwa Salehe, na hapakukosekana Salehe miongoni mwa wachezaji. Wazo langu la kwanza lilikuwa kulikataa jina hilo kwa ujumbe mfupi, lakini kumwambia mtu asitumie jina lake mwenyewe lilinikera. Nikaweka majina ya wahusika wangu wote katika orodha, na jibu la mchezaji linalinganishwa nayo baada ya yote mawili kugeuzwa herufi ndogo. Likifanana na la mlinzi, hodi ile inajibiwa kwa namna nyingine. Komeo linafunguliwa kabla hajaulizwa jambo lolote zaidi, taa inainuliwa, na mzee anasema, "Somo yangu! Ingia, ingia upesi, mvua hii haimfai mtu wa jina letu." Kutoka hapo mpaka mwisho anamwita "somo", jina halisi halitajwi tena kati yao, na hakuna sentensi inayowachanganya Salehe wawili. Mchezaji mmoja aliyelipata tukio hilo kwa jina lake la kweli aliniandikia kuuliza nilijuaje.