Swali la kulinganisha shinikizo kubwa na mionzi: anza na kile kinachovunjwa

Swali la kulinganisha njia za kuhifadhi chakula bila joto huwavuta watahiniwa wengi kwenye jedwali la faida na hasara: hii ina gharama, ile inalinda vitamini, hii haipendwi na walaji. Jedwali kama hilo halimwonyeshi msahihishaji kwamba unaelewa kwa nini njia moja inafaa juisi na nyingine inafaa viungo vikavu. Ushauri wetu ni kuanza jibu na swali moja: nguvu inayoingia kwenye chakula inavunja nini? Ukilijibu hilo vizuri, karibu kila tofauti nyingine unaweza kuitoa mwenyewe hata kama hukuikariri.

Tuanze na shinikizo kubwa. Chakula kikiwa tayari kwenye kifungashio chake hupangwa ndani ya chombo cha chuma kizito, chombo hujazwa maji, kisha pampu hupandisha shinikizo hadi kati ya MPa 400 na 600. Hushikiliwa hapo kwa dakika chache, kwa kawaida 1 hadi 6, halafu huachiliwa ghafla. MPa 600 ni kama mara 6,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Kinachovunjika ni vifungo dhaifu: vya haidrojeni, vya ioni, na ile mivutano inayoifanya protini ibaki imekunjwa. Utando wa seli ya bakteria huharibika, protini zake hukunjuka, seli hufa. Vifungo vya kovalenti haviguswi, na hapo ndipo ilipo sababu ya vitamini, rangi nyingi na harufu kubaki karibu kama zilivyokuwa, kwa kuwa hizo ni molekuli ndogo zisizotegemea mikunjo. Ukiandika tu kwamba "virutubisho havipotei" bila sababu hiyo, umeandika nusu ya jibu.

Mionzi hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Chanzo ni miale ya gama kutoka Kobalti-60 au Sesiamu-137, eksirei, au boriti ya elektroni. Shabaha yake kuu ni DNA, na hupigwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, mnururisho wenyewe ukikata uzi wa DNA. Ya pili hupitia kwenye maji: molekuli za maji hupasuliwa, radikali huru huzaliwa, nazo huishambulia DNA. Lakini radikali hizo hazichagui. Hushambulia pia mafuta na kuyachachusha, hupunguza vitamini kama B1 na E, na hukata minyororo ya pektini na wanga. Mionzi basi inagusa vifungo vya kovalenti, shinikizo haligusi. Mstari huu ndio uti wa mgongo wa ulinganisho wote.

Mapigo ya umeme na mwanga wa urujuanimno hayahitaji aya ndefu isipokuwa swali limeyataja. Mapigo ya umeme, ya kV 20 hadi 80 kwa kila sentimita na ya muda wa mikrosekunde, hutoboa utando wa seli. Chakula lazima kiwe cha kupampika, kisipitishe umeme sana, na kisiwe na mapovu, kwani povu likipita katikati ya elektrodi cheche huruka na matibabu huharibika. Urujuanimno wa nanomita 254 hupiga DNA lakini haupenyi. Kwenye kimiminika kisichopitisha mwanga vizuri unaishia juu juu tu.

Sasa spora, umbo la bakteria lililolala na gumu kuua, mahali ambapo alama nyingi hupotea. Spora ya Bacillus au Clostridium ina maji machache ndani ya kiini na tabaka nene nje, kwa hiyo shinikizo la MPa 600 kwenye joto la chumba haliiui. Shinikizo la chini, karibu MPa 100 hadi 300, laweza hata kuiamsha ianze kuota. Ukitaka kuua spora kwa shinikizo, ongeza joto: chakula kiingie kwenye chombo kikiwa tayari na nyuzi 90 au zaidi, na hapo haiwi tena njia isiyo ya joto. Ndiyo maana chakula kilichobanwa bila joto lazima kiwe na kizuizi cha pili. Kikiwa na pH chini ya 4.6, spora za Clostridium botulinum haziwezi kuota na kutoa sumu. Kikiwa na pH ya juu, kama nyama iliyopikwa na kukatwa vipande, lazima kikae kwenye ubaridi muda wote. Nyama hiyo ikiachwa nje hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa bakteria wa kawaida ambao wangeiozesha na kumwonya mlaji kwa harufu wamekwisha kufa, na spora zimebaki peke yake.

Mionzi inaweza kuua spora, ila kwa dozi kubwa. Dozi hupimwa kwa kGy, na kGy 1 ni jouli 1,000 kwa kila kilo ya chakula. Kuzuia viazi na vitunguu visichipue kunahitaji takribani kGy 0.05 hadi 0.15 tu. Kuua Salmonella kwenye kuku kunahitaji kGy chache. Kuua spora za C. botulinum hadi chakula kiweze kukaa nje ya ubaridi kunapita kGy 40, na nyama hiyo hugandishwa kwanza ili radikali zisitembee na kuharibu ladha.

Tuchukue mfano mmoja wa aina inayopendwa na watungaji: umepewa juisi ya machungwa isiyochujwa, pH 3.7, na pilipili manga iliyosagwa. Chagua njia kwa kila kimoja na utetee uchaguzi wako.

Juisi inakwenda kwenye shinikizo. Ina maji ya kutosha, na maji ndiyo yanayosambaza shinikizo papo hapo na kwa usawa pande zote, bila kujali ukubwa wa chupa. pH yake inazima tatizo la spora. Weka namba: MPa 600, dakika 3, joto la kuanzia nyuzi 5. Maji hupanda takribani nyuzi 3 kwa kila MPa 100, kwa hiyo kwenye kilele juisi itafika karibu nyuzi 23, kisha itashuka tena shinikizo likiachiliwa. Anayeandika kwamba joto halibadiliki kabisa amekosea. Taja chupa ya plastiki inayonyumbulika, kwa sababu maji hupungua ujazo karibu asilimia 15 kwenye shinikizo hilo. Kioo kitapasuka na kopo la bati litabonyea lisirudi. Kisha eleza udhaifu uliobaki: kimeng'enya kinachokata vikundi vya methili kwenye pektini huvumilia shinikizo vizuri, hivyo baada ya siku kadhaa juisi huweza kujitenga, sehemu nzito chini na maji maangavu juu. Ubaridi unahitajika hata kama bakteria si hatari tena.

Kwa nini si mionzi? Juisi ni maji matupu kwa upande wa radikali. Vitamini C itaoksidishwa na ladha itabadilika kabla dozi haijatosha. Urujuanimno utazuiwa na chembe za tunda. Mapigo ya umeme yanawezekana, lakini juisi hutibiwa kabla ya kutiwa chupani, kwa hiyo ujazaji lazima uwe safi wa hali ya juu, hatari ambayo shinikizo halina.

Pilipili manga inageuza kila kitu. Haina maji huru ya kutosha, kwa hiyo shinikizo halina cha kufanyia kazi. Seli kavu huvumilia, na uchafu mkubwa wa viungo ni spora. Hapa ukavu unaisaidia mionzi upande wa ubora: radikali ni chache na harufu inabaki. Ukavu huo huo unawafanya bakteria wawe wagumu zaidi kufa, na ukilitaja hilo umeonyesha unaona pande zote mbili.

Sasa hesabu. Tuseme swali limekupa bakteria milioni moja kwa gramu, D10 ya kGy 1.6, na uwiano wa dozi ya juu kwa dozi ya chini ndani ya katoni wa 1.5. D10 ni dozi inayobakiza sehemu moja kati ya kumi. Ukitaka wabaki 10 kwa gramu, kutoka 10⁶ hadi 10¹ ni hatua tano:

```
D_min = 5 × 1.6 = 8.0 kGy
D_max = 8.0 × 1.5 = 12.0 kGy
```

Wengi huishia kwenye 8.0 na kuandika kwamba iko chini ya kGy 10, kwa hiyo sawa. Si sawa. Dozi ya 8.0 ndiyo inayopaswa kufika mahali pagumu kuliko pote katikati ya katoni. Kwenye ukingo chakula kimepata 12.0. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka dozi ya juu isizidi kGy 10, isipokuwa pale ambapo ni lazima kwa kusudi halali la kiteknolojia. Una njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kukubali bakteria 100 kwa gramu, yaani hatua nne: D_min ni 6.4 na D_max ni 9.6. Ya pili ni kupunguza tofauti ndani ya katoni kwa kuitumia katoni nyembamba zaidi au kuigeuza na kuipiga pande zote mbili, uwiano ushuke hadi 1.25, hapo 8.0 inatoa 10.0 kamili, bila nafasi ya kosa. Sisi tungechagua ya kwanza, na kusema hivyo kwa sentensi moja kunatosha.

Kwenye jibu hilo hilo andika kwamba kGy 10 ingepandisha maji kwa nyuzi 2.4 tu, yaani jouli 10,000 kugawanya kwa 4,180. Hiyo ndiyo sababu mionzi huhesabiwa kuwa njia isiyo ya joto. Usiandike kamwe kwamba chakula kinakuwa na mionzi ndani yake: nishati ya gama ya Kobalti-60 ni MeV 1.17 na 1.33, ndogo mno kuzifanya atomu za chakula zitoe mionzi, na boriti ya elektroni huwekewa ukomo wa MeV 10 kwa makusudi hayo hayo. Wala usiseme mionzi inaondoa aflatoksini. Ukungu utakufa, sumu iliyokwisha kutengenezwa itabaki, na vimeng'enya pia vitabaki, kwani kuvizima kunahitaji dozi kubwa kuliko ile inayoua bakteria.