VIX ikisoma 20, inakuambia nini hasa?

VIX, namba inayotokana na soko la hisa la Marekani, imebatizwa jina la kipimo cha hofu, na jina hilo limepotosha wengi. Kinachopimwa pale hasa ni bei ya bima. Mwenye hisa za Marekani anayetaka kujikinga hununua opsheni, mkataba unaompa haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa leo. Wengi wakiikimbilia kinga hiyo kwa pamoja, bei yake hupaa. Soko la Cboe la Chicago huchukua bei za opsheni za fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa takriban 500 za Marekani, ziwe opsheni za kuuza au za kununua, na kuzikokotoa zitoe namba moja: mtikisiko unaotarajiwa katika siku 30 zijazo.

Namba hiyo ni asilimia, tena ya mwaka mzima, na hapo ndipo wasomaji wengi hukosea. Ukitaka mtikisiko wa mwezi, igawe kwa 3.46, ambacho ni kipeuo cha pili cha 12. Ukitaka wa siku, igawe kwa 16, kwa kuwa mwaka una takriban siku 252 za biashara. VIX ikiwa 20, soko linakadiria kusogea kwa karibu asilimia 5.8 kwa mwezi, au 1.25 kwa siku. Kupanda au kushuka? Haisemi. Na hata kiasi chenyewe si ukuta: kwa hesabu za kawaida, takriban mara moja katika kila tatu bei huvuka mpaka huo.

Tazama Februari 2020. Tarehe 19, S&P 500 ilifunga kwenye kilele chake, 3,386, huku VIX ikiwa juu kidogo ya 14. Gawa kwa 3.46, unapata asilimia 4 hivi kwa mwezi. Kufikia Machi 23 fahirisi ilikuwa 2,237, imepoteza asilimia 34. Kipimo hakikuwa kibovu. Waliokuwa wakiuza bima siku ile hawakuiona hatari, na VIX haiwezi kujua wasichokijua wao. VIX ikiwa chini, maana yake ni kwamba kinga ni ya bei nafuu, basi.

Kosa la pili ni kudhani VIX ikifika kileleni, soko limegusa chini. Mwaka 2020 mbinu hiyo ilikaribia kufanya kazi: VIX ilifunga kwa 82.69 Machi 16, wiki moja tu kabla ya bei kufika chini kabisa. Lakini mwaka 2008 ilifunga kwa 80.86 Novemba 20, S&P 500 ikiwa 752. Hisa zilipanda kwa wiki kadhaa, kisha zikazama tena hadi 676 Machi 9, 2009. Siku hiyo ya bei mbaya kuliko zote, VIX ilikuwa karibu 50 tu.